Kabla hujanunua mfuko wa pili wa DAP

(Hotuba kwa wakulima wa maharage na mahindi, Kasulu, Kigoma)

Ndugu mwenyekiti, akina baba na akina mama, shikamooni wazee, na vijana hamjambo.

Nimeombwa niseme juu ya mbolea. Wengi wenu mnanifahamu tangu nikiwa bibi shamba wenu, kabla sijastaafu, kwa hiyo nianze na deni langu. Kuna mzee mmoja hapa kijijini, simtaji ingawa ameketi humu ndani na anacheka. Miaka ile maharage yake yalikuwa yanaota vizuri, yakifika wiki ya tatu yanasimama. Hayafi, hayakui. Majani yanapauka, maua machache, maganda ya kuhesabu. Alikuwa ameweka DAP kama nilivyomfundisha. Nikamwambia, "Mzee wangu, ongeza. Weka mara mbili." Akauza mbuzi, akanunua mfuko wa pili. Msimu uliofuata maharage yakawa yale yale. Mbuzi akaenda bure, na ushauri ulikuwa wangu.

Leo nataka niwaeleze mbuzi yule alipotelea wapi.

Mfuko wa DAP una namba tatu: 18-46-0. Ya kwanza ni naitrojeni, inayotoa majani na rangi ya kijani. Ya pili ni fosforasi, ya mizizi, maua na punje. Ya tatu ni potasiamu, inayoimarisha shina, kujaza punje na kuusaidia mmea kuvumilia ukame na magonjwa. Namba hizo ni kilo katika kila kilo 100, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una nusu yake: kilo 9 za naitrojeni, 23 za fosforasi kwa hesabu ya kiwandani, na potasiamu sifuri. Urea ni 46-0-0, maana yake ni naitrojeni tupu. Anayetumia DAP na urea kila mwaka, halafu anabeba mabua kwenda kulisha ng'ombe, hajawahi kurudisha potasiamu hata punje. Wenzetu wa Tabora wanaolima tumbaku mfuko wao ni 10-18-24, namba ya mwisho ndiyo kubwa, kwa sababu tumbaku inakula potasiamu kuliko mahindi. Lakini potasiamu tuiache hapo, sio iliyokula mbuzi.

Iliyopotea ni ile namba ya katikati.

Udongo wetu wa huku juu ni mwekundu, na mvua yetu ni nyingi. Kwa miaka na miaka mvua imekuwa ikisafisha udongo kama unavyosuuza mchele: kalsiamu na magnesi zimeteremka na maji, na mahali pake pamekaliwa na tindikali na alumini. Wekundu wenyewe ni chuma. Sasa chuma na alumini vina tabia moja: vinaipenda fosforasi kupita kiasi. Ukiiweka tu, vinaikamata na kuifunga, mzizi hauwezi kuinyonya. Ni sawa na kumkabidhi pesa mtu aliyejaa madeni. Umempa asubuhi akanunulie watoto chakula, jioni wadai wameshagawana. Ukimwongezea, wadai nao wanaongeza mikono.

Hilo ni la kwanza. La pili ni baya zaidi, na halionekani mpaka ung'oe mmea. Udongo ukichachuka sana, alumini ambayo siku zote imetulia ndani ya udongo huanza kuyeyuka na kuingia kwenye maji yanayonyonywa na mizizi. Pale ni sumu. Inaunguza ncha ya mzizi, na mzizi hukua kwa ncha. Kwa hiyo fosforasi imefungwa, na hata ile kidogo iliyobaki huru, mizizi ya kuifuata haipo. Mvua ikikatika siku kumi tu, maharage yananyauka wakati unyevu upo, ila upo chini ambako mizizi haikufika.

Uchachu tunaupima kwa namba inayoitwa pH. Saba ni katikati, kadiri inavyoshuka ndivyo udongo unavyochachuka. Msidanganywe na udogo wa tofauti: kutoka 5.7 kwenda 4.7 uchachu umeongezeka mara kumi. Mpaka wetu ni 5.5. Juu ya hapo alumini inalala, haisumbui mtu. Chini ya hapo inaamka, na ikifika chini ya 5 maharage hayana ujanja. Mahindi yanavumilia kidogo zaidi. Muhogo na nanasi hazijali sana, chai ndiyo inautaka kabisa udongo mchachu. Ndiyo maana utaona mtu ana muhogo mzuri, anang'oa, anapanda maharage palepale, anashangaa.

Utajuaje bila maabara? Ng'oeni maharage yakiwa na wiki tatu au nne. Msivute, chimbeni kwa jembe pembeni, mwinue na udongo wake, mwoshe polepole kwenye ndoo. Mizizi yenye afya ni mingi, mirefu, meupe, ina matawi kama nywele. Mizizi iliyochomwa na alumini ni mifupi, minene, ya kahawia, kama vidole vilivyokatwa. Kisha tazameni vinundu. Maharage yanaishi na bakteria wanaotengeneza naitrojeni kutoka kwenye hewa, na nyumba zao ni vile vinundu. Pasueni kimoja kwa ukucha: kikiwa chekundu kama nyama, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, au vinundu visipokuwepo kabisa, basi mmea hauna mpishi. Bakteria hao nao hawapendi uchachu. Kwenye mahindi angalieni majani ya chini: yakiwa ya zambarau pembeni wakati mbolea ya kupandia uliweka, fosforasi imefungwa. Ila tahadhari, zambarau huja pia kukiwa na baridi au wadudu wamekula mizizi, kwa hiyo msihukumu kwa jani peke yake. Chimbeni.

Sasa yule mzee. Tulichukua udongo wake sehemu kumi na tano za shamba, tukitembea kwa kupindapinda, tukichimba kina cha jembe moja, kama sentimita 20. Tulikwepa kichuguu, njia, na mahali alipokuwa akifunga ng'ombe. Kichuguu hasa kitawadanganya, kwa sababu udongo wake mara nyingi una kalsiamu nyingi kuliko shamba lenyewe, na ndiyo maana wazee wetu walipanda mahindi juu ya vichuguu. Tukachanganya kwenye ndoo safi, tukatoa nusu kilo, tukaanika kivulini, tukapeleka maabara. Maabara za udongo zipo: SUA kule Morogoro, na TARI Mlingano kule Tanga. Ni mbali, lakini mfuko wa nusu kilo unasafiri kwa basi. Jambo moja msilisahau: usiombe pH peke yake. Omba pH na alumini.

Kwa nini? Kwa sababu pH inaonyesha uchachu ulio kwenye maji ya udongo tu. Mwingi umejificha, umeshikwa na chembe za mfinyanzi na mboji, na ukiondoa huu wa juu ule wa ndani unatoka kujaza nafasi. Mchanga wa Tabora na mfinyanzi wa Kasulu vinaweza kusoma 5.0 vyote viwili, lakini mchanga una akiba ndogo ya uchachu na mfinyanzi una ghala. Kiasi cha chokaa kinachotosha huku, ukikipeleka Tabora utakuwa umeua shamba la mtu. Nitarudi hapo.

Majibu yakaja: pH 4.7, alumini 2. Hizo 2 ni kipimo cha maabara, msihangaike na jina lake. Mnachohitaji ni hesabu: zidisha alumini kwa moja na nusu, unapata tani za chokaa kwa hekta. Mbili mara moja na nusu ni tatu. Tani 3 kwa hekta ni kilo 1,200 kwa eka, yaani mifuko 24 ya kilo 50.

Mzee alipoisikia 24 alisimama akavaa kofia.

Nikamwomba akae. Tani 3 kwa hekta ni sawa na gramu 300 kwa kila mita moja ya mraba. Tukachukua kamba, tukapima viraba kumi vya mita 10 kwa 10, jumla kama robo eka. Viraba vitano tutaweka chokaa, vitano tutaacha. Kila kiraba kilo 30. Kwa hiyo mifuko mitatu tu. Hiyo mtu anaweza.

Chokaa yenyewe ni ipi? Chokaa ya kilimo ni jiwe la chokaa lililosagwa tu, halikuchomwa. Lisagwe laini kama unga, kwa maana chenga kubwa zitakaa ardhini miaka bila kuyeyuka. Ukitaka kuhakiki, idondoshee maji ya limao au siki. Ikitoa povu ni chokaa kweli. Nimeshauziwa mimi mwenyewe vumbi jeupe, nikakamulia limao, likakaa kimya kama ukuta. Chokaa iliyochomwa kwenye tanuru ni kitu kingine. Ina nguvu zaidi: kilo 56 zake zinafanya kazi ya kilo 100 za mawe yaliyosagwa. Ikishazimwa kwa maji, kilo 74 ni sawa na 100. Zote zinafaa ukipunguza kipimo, lakini ile isiyozimwa inaunguza ngozi na macho, na mbegu ikikutana nayo mbichi inakufa. Povu la limao halitaitambua. Hiyo utaitambua kwa kuchemka ukiitia maji, na usiitie kwa mkono. Kuna nyingine ina magnesi ndani yake, dolomaiti, hiyo nzuri zaidi kwetu kwa sababu magnesi nayo ilishateremka na mvua.

Tulimwaga asubuhi kabla ya upepo, kitambaa puani. Nusu ya kilo 30 tukamwaga kwa kwenda, tukalima kina cha jembe. Nusu iliyobaki tukamwaga kwa kukatiza, tukalima tena juujuu. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanamwaga chokaa juu, inapendeza shamba jeupe, wanaenda nyumbani. Chokaa haitembei. Ukiiacha juu itarekebisha vidole viwili vya juu, mzizi ukishuka unakutana na alumini ileile.

Inavyofanya kazi ni rahisi kusema. Chokaa inakutana na tindikali, inaila, inatoka hewa na maji, na kalsiamu inakaa pale ilipokuwa tindikali. Alumini iliyokuwa inaelea inageuka kuwa kitu kigumu kisichoyeyuka, na sumu imekwisha ingawa alumini yenyewe bado imo ardhini. Ila yote hayo yanataka maji. Udongo mkavu, chokaa imelala. Ndiyo maana nawagombeza kidogo: mmeniita mwezi wa tisa. Ukiweka chokaa leo, haianzi kazi mpaka mvua za Oktoba au Novemba, nawe unataka kupanda mvua zikianza. Jiwe lililosagwa linahitaji miezi miwili mitatu ya unyevu. Wakati wake mzuri ni mwezi wa nne au wa tano, mazao yakitoka na udongo ungali na maji. Mliochelewa, wekeni sasa, pandeni mahindi mvua za kwanza, maharage myasubirishe mpaka yale ya Februari na Machi. Ndivyo tulivyofanya kwa mzee.

Akapanda maharage Machi, mbegu ileile, viraba vyote kumi, DAP ileile, kwa kiwango cha mfuko mmoja kwa eka. Mmoja, siyo miwili. Wiki ya nne tukachimba: upande wa chokaa mizizi meupe, vinundu vyekundu ndani. Upande wa pili vidole vilivyokatwa. Alipovuna, upande wa chokaa ulitoa debe tatu na nusu. Upande mwingine debe moja na nusu. DAP ilikuwa sawa. Kilichobadilika ni wadai kupungua.

Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu mwaka uliofuata jirani yake alinunua chokaa na kuacha mbolea kabisa. Chokaa siyo mbolea. Haina naitrojeni, fosforasi wala potasiamu. Mwaka wa kwanza yeye alipata mavuno mazuri, maana uchachu ukipungua wadudu wa udongo wanaozesha mboji haraka na naitrojeni iliyokuwa imelala inatoka. Alikuwa anakula akiba. Mwaka wa tatu mahindi yakawa ya njano kuanzia ncha ya jani la chini, ile njano inayoingia katikati kama kabari. Chokaa inafungua mlango, lakini chakula uingize wewe: DAP kizibo kimoja cha soda kwa shimo la mahindi mawili, ukipanda 75 kwa 60, hiyo ni karibu gramu 5 na inamaliza mfuko mmoja kwa eka. Ifukie udongo kidogo kabla ya mbegu. Urea baadaye, mahindi yakifika magotini.

Tena chokaa na mbolea hizi msizichanganye mkono mmoja. Urea, DAP na SA zikikutana na chokaa mbichi, naitrojeni inageuka hewa na kuondoka. Utaijua kwa harufu, ile inayochoma pua kama banda la kuku lisilofagiwa. Ukiisikia, unanusa pesa zako.

Na mbolea zenyewe zinachachusha udongo, jambo ambalo muuzaji hatakwambia. Naitrojeni ya aina ya amonia ikibadilishwa na bakteria inaacha tindikali nyuma. SA ndiyo mbaya zaidi: mfuko mmoja unaacha uchachu unaohitaji karibu kilo 55 za chokaa kuufuta. Urea karibu kilo 40, DAP chini kidogo ya hapo. CAN ina chokaa ndani yake, haisumbui sana. Hizi ni kadirio, zinategemea mvua na mazao, lakini pigeni hesabu: DAP mfuko mmoja na urea mmoja kwa eka kila mwaka, miaka mitano, umeshakula zaidi ya kilo 350 za chokaa yako. Ndiyo maana pimeni tena mwaka wa tatu au wa nne. Na kwa udongo wetu, SA mimi singeinunua hata kwa punguzo.

Mtaniuliza Minjingu. Ile mbolea ya mawe ya fosfati kutoka Manyara ina kisa chake. Ikiwa unga mtupu wa jiwe, inahitaji uchachu ili iyeyuke, kwa hiyo huku kwetu inafaa, tena ina kalsiamu. Lakini ukishamwaga chokaa nyingi umeiondolea kinachoiyeyusha. Kwa hiyo mtu anayetaka unga huo auweke kwenye kipande ambacho hajakitia chokaa. Asiviweke vyote viwili siku moja akategemea faida mbili.

Niliahidi kurudi kwenye kuzidisha. Hatutafuti saba. Tukifika 5.8 au 6 tumefika. Ukipita 6.5 unaanza kufunga vitu vingine: zinki, chuma, manganizi, boroni. Majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani, na hapo hakuna wa kukusaidia haraka, chokaa huwezi kuizoa. Kwenye mchanga ajali hii ni rahisi, kwa sababu ya ile akiba ndogo niliyosema. Mwenye ndugu Urambo au Sikonge asimpelekee namba 24.

Asiyeweza maabara afanye hivi. Pima kilo 10 za udongo wa shamba lako, weka ndoo iliyotobolewa chini. Tengeneza ndoo mbili kama hizo. Moja tia kijiko kimoja cha kulia chakula, kilichosawazishwa, cha chokaa iliyosagwa, karibu gramu 15. Hicho ndicho kipimo cha tani 3 kwa hekta kwa ndoo. Changanya, lowesha, acha mwezi mmoja bila kukauka. Zote mbili zipate DAP kidogo sana sawasawa, panda maharage manne manne, wiki ya nne mwaga ndoo uoshe mizizi. Zikiwa sawa, tatizo lako siyo uchachu, usinunue chokaa, tafuta kingine.

Naona mkono wa bibi pale nyuma. Ndiyo, bibi.

Bibi anauliza kama majivu ya jikoni yanafaa, maana migomba yake ya karibu na nyumba haijawahi kumwangusha.

Yanafaa, bibi, na migomba yako imeshakujibu. Majivu ya kuni yanapunguza uchachu na yana potasiamu, ile namba ya tatu ambayo DAP haina. Ila nguvu yake mara nyingi haifiki hata nusu ya chokaa, kwa hiyo pale pa mifuko 24 ungehitaji zaidi ya 50 ya majivu, na jiko lako haliwezi. Yaweke kwenye migomba na bustani ya mboga, konzi kadhaa kwa mita ya mraba, uyachanganye na udongo, na yasikutane na urea. Ya mkaa na kuni tu. Ya takataka za plastiki hapana. Na uyachunge kwanza, misumari ya zile mbao za zamani ikae pembeni, wajukuu wanatembea peku.